Kuchapa ukurasa wa daftari la vipimo bila namba kuhama sehemu yake

Swali: Kaka habari. Mama yangu ni fundi wa nguo za kike, ana madaftari ya oda kibao na ameniomba nimuingizie kwenye laptopu. Nimechapa ukurasa wa kwanza, namba zote zipo, ila kesho yake nafungua sijui 15 ni ya bega au ya nini. Yeye kaandika hivi: B 15½, K 38/30/42, M 9-13, U 10-15-56. Halafu hiyo ya mwisho ikajigeuza tarehe! Nifanyeje?

Jibu: Nzuri dada, na mama msalimie sana. Funga laptopu kwanza, kazi ya mwanzo inafanyika kwenye kiti pembeni ya cherehani, wewe na mama na daftari.

Kitu ambacho mtu asiyeshika futi hakijui ni kwamba fundi haandiki sehemu ya mwili, anaandika safari ya futi. Kila namba kwenye huo ukurasa ni moja kati ya mbili: ni mzunguko, yani futi imezungushwa ikarudi ilipoanzia, au ni urefu, yani futi imeanzia mahali ikaishia mahali. Mzunguko unahitaji jina moja tu, kifua, kiuno, basi. Urefu unahitaji majina mawili, ulianzia wapi ukaishia wapi, na ukichapa jina moja tu kama "urefu" hiyo namba imeshapotea hata kama ipo kwenye skrini. Kwa hiyo usimuulize mama "U ni nini" maana atakujibu "urefu" na hamjafika popote. Muulize "hapa futi uliishikia wapi, ikaishia wapi", na ikibidi asimame akupime wewe mwenyewe huku anataja. Mafundi wengi mikono yao inakumbuka kuliko mdomo.

Sasa tuuchukue ukurasa wako huo huo. Nakusomea ninavyousoma mimi, ila mama ndo mwenye neno la mwisho, maana kila fundi ana vifupisho vyake na kuna anayetumia B kwa bega na mwingine B hiyo hiyo kwa blauzi.

B 15½ ni bega hadi bega, kwa nyuma. Kwa mwanamke mwenye kifua 38 hiyo inakaa vizuri kabisa, sina shaka nayo.

K 38/30/42 ndo inayowapoteza wengi, kwa sababu herufi ni moja na namba ni tatu. K hapo ni ya namba ya kwanza tu, kifua. Fundi hajaandika K ya kiuno wala H ya hipsi kwa sababu kwake huo ni mfululizo, futi inashuka: kifua 38, kiuno 30, hipsi 42. Utautambua kwa umbo lake, namba ya katikati inazama. Ila hilo ni la mwanamke mwenye kiuno chake, usilifanye sheria. Kwa mtoto wa miaka 6 au mama mwenye tumbo, ya katikati inaweza kulingana na ya kwanza au hata kuipita, na hapo usibadilishe mpangilio eti kwa sababu "haiji". Acha kama ilivyo.

Na angalia sana, mkwaju huo huo kuna fundi anautumia kwa kitu kingine kabisa. Ukikuta K 38/40 na imeishia hapo, namba mbili zilizokaribiana, mara nyingi ya kwanza ni mwili na ya pili ni nguo itakavyokatwa baada ya kuachia nafasi ya kupumua. Zote mbili ni kifua! Ukizichapa kama kifua 38 kiuno 40 umemshonea mtu gunia. Muulize mama kama ana tabia hiyo, anayo au hana, na akiwa nayo unaweka majina mawili tofauti, "kifua mwili" na "kifua nguo".

M 9-13 ni mkono: urefu kutoka bega hadi mkono wa nguo unapoishia ni 9, yani mkono mfupi, na 13 ni mzunguko hapo hapo unapoishia. Ingekuwa mkono mrefu ungeona 22 au 23 hivi na namba ya pili ingekuwa ndogo zaidi, 8 au 9, kwa sababu iko kwenye kifundo cha mkono. Kwa hiyo hata hiyo "mzunguko wa mkono" peke yake haitoshi, mzunguko wa mkono wapi? Mimi ningeandika "mdomo wa mkono" maana ndo nguo inapofungukia.

U 10-15-56 ndo nzuri kuliko zote. Futi imeshikiliwa begani, karibu na shingo, haijaachiwa, imeshuka: hadi chuchu 10, hadi kiunoni 15, hadi chini ya gauni 56. Zote tatu zimeanzia sehemu moja, ndo maana zinapanda tu. Sasa kuna mafundi ambao wakifika kiunoni wanaachia futi na kuanza upya kiunoni kushuka chini, wao wangeandika 10-15-41. Ni gauni lile lile, 15 na 41 ni 56. Ukiona namba ya mwisho ya urefu ni ndogo kuliko ulivyotegemea kwa gauni refu, usidhani mteja ni mfupi, uliza futi ilianzia wapi.

Umeona hapo 15 zilivyokutana? Bega 15½ na bega-hadi-kiuno 15, zote zina neno bega ndani yake na zimepishana nusu inchi. Ndo hiyo iliyokuchanganya kesho yake, na ingemchanganya yeyote.

Mkishaelewana, andikeni ufunguo kwenye karatasi moja, herufi ya mama kushoto na jina kamili kulia, na majina hayo yasibadilike tena. Ukishaamua "mzunguko hipsi" usije kesho ukaandika "hips" na keshokutwa "makalio", kompyuta itaona ni vitu vitatu. Na kama daftari ni la miaka mingi angalia tarehe, kuna mafundi waliobadilisha vifupisho njiani, kwa hiyo ufunguo wa daftari la zamani unaweza usifanye kazi kwenye jipya.

Haya, sasa fungua laptopu.

Najua umefanya kama wengi wanavyofanya, mteja mmoja mstari mmoja, vichwa vya habari juu: bega, kifua, kiuno, na kuendelea. Inapendeza kuangalia ila ni mtego kwa kazi ya kuchapa, kwa sababu gauni na suruali hazina vipimo sawa, kwa hiyo kuna seli nyingi tupu, na ukiruka moja bila kujua kila kinachofuata kinahamia kwa jirani na bado kinaonekana sawa tu. Kiuno 42, hipsi 9, hiyo utaiona. Lakini bega-hadi-chuchu ikikaa kwenye bega-hadi-kiuno kwa mtoto, huioni.

Geuza. Namba moja, mstari mmoja, na kila mstari unabeba jina lake lenyewe:

```
oda,nguo,sehemu,ilivyoandikwa,inchi,maelezo
0147,gauni,bega hadi bega,B 15½,15.5,
0147,gauni,mzunguko kifua,K 38/30/42,38,namba ya 1
0147,gauni,mzunguko kiuno,K 38/30/42,30,namba ya 2
0147,gauni,mzunguko hipsi,K 38/30/42,42,namba ya 3
0147,gauni,bega hadi kiuno,U 10-15-56,15,namba ya 2
```

Nimeweka mistari michache tu ya mfano, oda hiyo yote itakuwa na mistari 9, maana B ina namba 1, K 3, M 2, U 3. Namba ya oda ni mfano pia, weka iliyopo kwenye daftari, na kama hakuna tunga kwa kuunganisha daftari na ukurasa. Majina na namba za simu za wateja weka shiti nyingine, huku tumia namba ya oda peke yake. Hivi ni vipimo vya miili ya watu dada, siku ukimtumia mtu hilo faili hakuna haja ajue hipsi za jirani.

Kolamu inayobeba kazi yote ni hiyo ya `ilivyoandikwa`. Hapo unachapa fungu zima kama mama alivyoliandika, herufi kwa herufi, unalirudia kwenye kila mstari unaotoka humo, na kwenye maelezo unasema ni namba ya ngapi. Watu wanaiona ni kujichosha. Lakini siku mama akisema "aa, kumbe kwenye daftari hili nilikuwa naanza na kiuno" huna haja ya kurudi kwenye karatasi, unachuja mistari yote ya K yenye "namba ya 1" na unarekebisha jina la sehemu tu, halafu hivyo hivyo kwa namba nyingine zilizohama. Umeweka nilichokiona upande mmoja na nilichokielewa upande mwingine, vikigombana unajua kosa liko wapi.

Kuhusu tarehe. 10-15-56 ukiichapa kwenye kompyuta iliyosetiwa kwa tarehe za Kimarekani, mwezi mbele, Excel inaelewa mwezi wa 10, tarehe 15, mwaka 1956. Haikuulizi! Na ubaya ni kwamba ndani yake haijahifadhi tena 10 wala 15 wala 56, imehifadhi 20743, hesabu ya siku. Ndo maana ukishtuka ukabadilisha seli iwe maandishi unaona 20743 na unadhani kompyuta imerogwa. Dawa ya uhakika ni kuchapa upya. Hivyo hivyo 9-13 na 1/2. Kwa hiyo KABLA hujachapa chochote chagua kolamu nzima ya `ilivyoandikwa` na ya `oda`, kwenye Excel unaweka `Text`, kwenye Google Sheets ni `Format`, `Number`, `Plain text`. Hiyo ya oda ni kwa ajili ya sifuri ya mbele, isipoandikwa kama maandishi 0147 inakuwa 147.

Kolamu ya inchi kinyume chake, humo ni namba tupu, nusu ni .5, robo ni .25, robo tatu .75. Ile ½ (kwenye simu nyingi ukibonyeza 1 kwa muda inatokea) iweke kwenye `ilivyoandikwa` tu. Na hapa kuna swali lingine kwa mama: akiandika 15.3 anamaanisha nini? Kwenye futi inchi imegawanywa vipande 8, kwa hiyo kuna fundi ambaye nukta kwake ni vipande, 15.3 ni inchi 15 na vipande 3, ambayo kwa kompyuta ni 15.375. Mwingine anaandika 15+ akimaanisha imezidi kidogo. Hiyo andika 15 na kwenye maelezo weka "imezidi", usimtungie robo.

Kuna mambo matatu mengine utakutana nayo ukiendelea na kurasa.

La kwanza ni nguo ya mfano. Mteja haji, anatuma gauni lake linalomtosha, fundi analilaza mezani anapima kwapa hadi kwapa, anaandika K 19. Hakuna mtu mzima mwenye kifua 19, hiyo ni nusu, na ni ya nguo siyo ya mwili, kwa hiyo ndani yake tayari kuna nafasi. Wengi wanaizidisha mara mbili kimyakimya wakaandika 38, halafu mama anakuja kuachia nafasi tena juu ya nafasi. Wewe andika 19, sehemu iite "kifua nguo imelazwa", yatosha. Suruali ni hivyo hivyo, chini 8 na chini 16 inaweza kuwa mguu ule ule, mmoja kapima imelazwa mwingine kazungusha.

La pili ni namba iliyokatwa na kuandikwa nyingine juu yake. 30 imepigwa mstari, pembeni 33. Inchi unaweka 33, na maelezo "30 imekatwa". Usiifute ile 30 kwenye historia maana inawezekana mteja alikuja kupimwa tena, na inawezekana pia mama aliilegeza tu kwa sababu kitambaa hakivutiki, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kama kuna tarehe ya pili pembeni, iandike.

La tatu, namba za kwenye mchoro. Mama akichora kagauni pembeni na kuandika shingo 7, mpasuo 18, hizo siyo mwili wa mteja, ni mtindo wa nguo ile. Mteja akija mwakani na mtindo mwingine hazifai kitu. Ziweke, ila jina lianze na neno "mtindo", mfano "mtindo shingo mbele", zisichanganyike na za mwili.

Na ukurasa wenye safu mbili, gauni kushoto blauzi kulia, funika upande mmoja na karatasi nyeupe wakati unachapa mwingine. Jicho linapenda kuvuka mstari bila kukuaga.

Ukishamaliza ukurasa, kagua kabla hujafungua unaofuata. Anza na kuhesabu: weka kidole kwenye karatasi, hesabu namba zote zisizokatwa, zikiwa 9 basi kompyuta nayo iseme 9.

```
=COUNTIF(A:A,"0147")
```

Halafu kwenye kolamu ya G weka hii na uiburute chini, inakuambia kama sehemu moja imeandikwa mara mbili kwenye nguo moja, ambayo maana yake karibu kila mara ni kwamba umesahau kubadilisha jina baada ya kukopi mstari wa juu. Jibu linatakiwa kuwa 1.

```
=COUNTIFS(A:A,A2,B:B,B2,C:C,C2)
```

Na ya H:

```
=IF(E2>60,"ANGALIA","")
```

Futi ya kawaida inaishia inchi 60, kwa hiyo ikizidi hapo kuna jambo: umesahau nukta na 15.5 imekuwa 155, au umechapa ½ ikawa maandishi badala ya namba (inapiga kelele pia), au mama siku hiyo alitumia upande wa sentimita. Siyo lazima liwe kosa, gauni la kuburuza la mtu mrefu linaweza kufika 62, ndo maana nimeandika ANGALIA tu. Ila sentimita nyingine inajificha. Bega la sentimita 38 ni kama inchi 15, na 38 kwa kompyuta ni namba safi haina tatizo. Inakujulisha ukisoma oda nzima pamoja, bega 38 na kifua 96, hapo hakuna mwili wa inchi wa namna hiyo, ukurasa wote ni wa sentimita. Gawa kwa 2.54 kwenye kolamu ya inchi na `ilivyoandikwa` ibaki ilivyo.

Lakini hizo fomula zote hazioni namba mbili halali zilizobadilishana viti. Kifua 42 na hipsi 38, zote zinapita. Hiyo inakamatwa na sikio tu. Wewe soma kutoka kwenye skrini, kwa sauti, jina kwanza halafu namba: "mzunguko kifua, thelathini na nane", na mama awe ameshika daftari. Usifanye kinyume, yani yeye asome daftari wewe uangalie skrini, kwa sababu wewe unajua ulichotaka kuchapa na jicho lako litakubali chochote. Yeye akisikia hipsi 38 kwa mteja anayemjua atacheka kabla hajaangalia hata karatasi.

Jingine ni kupanga. Usije ukachagua kolamu moja, mfano ya inchi, ukabonyeza kupanga ndogo hadi kubwa. Excel itakuuliza, chagua `Expand the selection`. Google Sheets tumia `Sort sheet`, siyo `Sort range` kwenye kolamu moja, maana hapo namba zitajipanga vizuri sana na majina yatabaki pale pale, kila mteja amepewa mwili wa mwingine. Ukiona imetokea, `Ctrl+Z` hapo hapo, kabla hujafunga faili.

Mama akitaka kuona vipimo vya mteja mmoja wakati wa kukata, kwenye Google Sheets fungua shiti mpya, weka hii, badilisha jina la shiti kama lako ni tofauti:

```
=FILTER(Vipimo!B:F, Vipimo!A:A="0147")
```

Itamletea sehemu zote za oda hiyo chini kwa chini, anaweza kuisoma hata kwenye simu ameegesha kwenye meza.

Piga picha kila ukurasa ukiwa umenyooka kutoka juu, mchana, faili liitwe kwa namba ya oda. Na pale ambapo mwandiko haueleweki, 1 au 7, 4 au 9, andika kwenye `ilivyoandikwa` kwa alama ya kuuliza, 3? hivi, na inchi iache tupu. Kama mama naye hakumbuki basi iendelee kuwa tupu, mteja akirudi atapimwa hiyo moja.